Umri Pekee Hauwezi Kupanga Akiba ya Mtu wa Karatu

Kuna ushauri unaowavutia sana Watanzania wenye akiba kidogo na simu mkononi. Huletwa na ndugu walioko Marekani, hurudiwa na wanaofuatilia mambo ya fedha mtandaoni, na husemwa kwa uhakika unaokaribia imani. Chagua mwaka utakaostaafu, tafuta mfuko wenye jina la mwaka huo, tia fedha kila mwezi, kisha usahau. Mfuko wenyewe utakupa hisa nyingi ukiwa kijana na kuzipunguza kidogo kidogo kadiri unavyozeeka, hadi siku ya kustaafu ikukute ukiwa na hatifungani nyingi na wasiwasi mdogo. Anayepanga mchanganyiko wake mwenyewe, wanasema, anajitafutia hasara.

Kwa mfanyakazi wa Ohio mwenye mshahara wa kudumu, ushauri huo si mbaya. Kwa mwongoza watalii wa Karatu, kwa mpishi wa hoteli ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, au kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, una kasoro kubwa. Ukifuatwa neno kwa neno unaweza kumfikisha mtu mahali pabaya katika mwaka uleule anaohitaji fedha.

Mifuko hii ilianzia Marekani mwaka 1993, pale kampuni ya uwekezaji iliyokuwa chini ya Wells Fargo ilipoanzisha ile iliyoitwa LifePath. Kwa zaidi ya miaka kumi ilikua polepole. Kilichoiinua ni sheria ya pensheni ya mwaka 2006 na kanuni za Wizara ya Kazi za mwaka uliofuata, ambazo ziliwaruhusu waajiri kumwingiza katika mfuko wa namna hiyo mfanyakazi ambaye hakuchagua chochote. Kwa hiyo umaarufu wake haukutokana na mamilioni ya watu kuupima mpango huu na kuukubali. Wengi walijikuta ndani kwa sababu hawakujaza fomu.

Kiini cha mfuko ni mteremko wake, yaani ratiba inayosema kila umri uwe na hisa kiasi gani. Vanguard, mmoja wa wakubwa wa biashara hii, humpa kijana takriban asilimia 90 ya hisa mpaka abakize miaka 25 hivi kabla ya kustaafu. Baada ya hapo hisa hushuka hadi karibu nusu katika mwaka wenyewe wa kustaafu, na huendelea kushuka kwa miaka kama saba hadi kufikia asilimia 30. Kampuni nyingine huacha kushuka siku ileile mtu anapostaafu. Mifuko miwili inaweza kubeba mwaka mmoja katika majina yake na bado ikatofautiana sana ndani.

Tofauti hiyo ilionekana vizuri mwaka 2008. Mtu aliyekuwa katika mfuko wa 2010 alikuwa amebakiza miaka miwili tu kabla ya kustaafu, na alitarajia kuwa mahali salama. Mifuko ya mwaka huo ilipoteza kwa wastani karibu robo ya thamani yake. Ule wa Oppenheimer ulipoteza takriban asilimia 41, na za kulaumiwa hazikuwa hisa peke yake. Upande wa hatifungani, ambao ndio ulipaswa kuwa kinga, ulijaa dhamana zilizofungamana na mikopo ya nyumba, na mfuko wa hatifungani wa kampuni hiyo nao uliporomoka kwa zaidi ya thuluthi. Mwaka uliofuata mamlaka za Marekani ziliitisha kikao cha kuwasikiliza wahusika. Aliyekuwa amesoma jina la mfuko bila kufungua orodha ya mali zake alikuwa hajasoma kitu.

Watetezi wa mifuko hii hujibu kwamba hayo yamepita, kampuni zimejirekebisha na ada zimeshuka. Ni kweli. Lakini hata zikirekebishwa vipi, mteremko unabaki kutazama jambo moja tu kumhusu mwenye fedha, nalo ni umri wake. Hauulizi kipato chake kinatoka wapi, fedha atazitumia lini, wala soko leo linalipa nini. Dereva anayeshuka kreta kwa barabara ya Seneto hachagui gia kwa kutazama saa. Hutazama mwinuko, tope na uzito wa gari.

Tuanze na kipato, maana ndiko mteremko unakokosea zaidi kwa watu wa huku.

Sababu ya kumpa kijana hisa nyingi haikutungwa na wauzaji. Mwaka 1992 wachumi Zvi Bodie, Robert Merton na William Samuelson waliandika kwamba utajiri mkubwa wa kijana ni mishahara ambayo bado hajaipokea. Mishahara hiyo ikiwa ya uhakika, inafanana na hatifungani kubwa aliyonayo mfukoni bila kujua, na kwa hiyo anaweza kubeba hisa nyingi upande wa pili. Lakini hoja hiyohiyo ina upande ambao wauzaji hawaupigii debe. Mtu ambaye mshahara wake wenyewe unapanda na kushuka kama hisa anapaswa kupunguza hisa katika akiba yake, hata kama ana miaka 25.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, walikuwa 620,867. Karatu, mji ambao magari ya safari hulala kabla ya kupanda hadi lango la Lodoare, haukuhitaji kusoma takwimu hizo kwenye gazeti. Waongoza watalii wengi hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa safari, na tipu ya mgeni huwa sehemu kubwa ya kipato. Safari zikikatika, mshahara na tipu hukatika siku moja. Mtu wa namna hiyo tayari anamiliki hisa kubwa isiyouzika katika kampuni iitwayo utalii. Kumwambia aongeze asilimia 90 ya hisa juu ya hiyo kwa kuwa ni kijana ni kumrundikia hatari ya aina ileile.

Kuna kosa jingine la nyumbani linalofanana na hilo, na halihusiani na Wamarekani. Wengi wa Karatu wakipata fedha ya msimu hununua kiwanja pembeni mwa barabara, wakitarajia kujenga nyumba ya wageni au kumuuzia mwenye hoteli. Husemwa kwamba ardhi haishuki. Bei ya kiwanja hicho inategemea watalii walewale wanaomlipa mwenye kiwanja. Mwaka ambao hana safari ndio mwaka ambao hakuna mnunuzi wa kiwanja.

Jambo la pili ambalo mteremko haulitazami ni bei. Hapa Tanzania inatoa mfano mzuri kuliko nchi nyingi. Mwaka 2021 Benki Kuu ilileta sokoni hatifungani ya serikali ya miaka 25 kwa kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 kuponi ya hatifungani mpya za muda huohuo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Aliyeweka shilingi milioni 10 katika ile ya kwanza hupokea shilingi 797,500 kila miezi sita. Aliyeweka kiasi hicho katika ile ya pili hupokea 628,000. Serikali ni ileile na muda ni uleule. Kinachowatenganisha ni siku waliyonunua, na pengo la karibu shilingi 170,000 kila nusu mwaka litadumu kwa robo karne.

Mteremko wa kalenda usingeona tofauti hiyo. Ungemwambia mtu wa miaka 30 mwaka 2021 kwamba hatifungani ni za wazee, na ungemrudisha sokoni akiwa na miaka 50 kununua kwa riba yoyote atakayoikuta. Mwekezaji anayefuatilia tangazo la mnada anaweza kuamua kwamba asilimia 15.95 kwa miaka 25, kwa shilingi anazozitumia dukani, ni mali ya kijana kama ilivyo ya mzee.

Upande wa hisa nako kuna mambo ambayo mpango wa kigeni hauyajui. Soko la Hisa la Dar es Salaam ni jembamba. Kampuni zinazouzwa kwa wingi ni chache, na benki zimetawala. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwishoni mwa 2019, miaka kumi baadaye, zilikuwa chini ya bei hiyo, kisha zikapanda mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Aliyelazimika kuuza mwaka 2019 na aliyeweza kusubiri walikuwa na hisa zilezile. Kilichowatenganisha ni kama mtu alikuwa na fedha nyingine ya kula wakati akisubiri, na swali hilo halijibiwi na umri.

Isitoshe, mfuko wa mwaka lengwa wenyewe si bidhaa ya dukani huku. UTT AMIS, inayosimamia mifuko inayojulikana zaidi nchini, ina Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, kisha Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo sita unaobadili mchanganyiko wake kwa kuhesabu mwaka ambao mteja atastaafu. Anayetaka mteremko uliotengenezwa tayari hana budi kuutafuta nje. Hapo atakutana na masharti ya fedha za kigeni kwa mkazi anayepeleka mtaji ng'ambo, gharama za kubadilisha fedha, na hatari ya kuweka kwa dola wakati karo, mahindi na saruji hulipiwa kwa shilingi.

Basi tumchukue mwongoza watalii mmoja wa mfano. Ana miaka 40, anaishi Karatu, na ana akiba ya shilingi milioni 40. Anatarajia kupumzika akiwa na miaka 60. Mtoto wake ataingia chuo baada ya miaka mitano, na matumizi ya lazima ya nyumba yake ni kama shilingi 500,000 kwa mwezi. Mfuko wa Marekani wa mtu aliyebakiza miaka 20 ungempa hisa za zaidi ya asilimia 80, yaani zaidi ya milioni 32. Hayo ni matumizi ya miaka mitano yakiwa mikononi mwa soko, kwa mtu ambaye safari zake zinaweza kukatika kesho.

Akijijengea mwenyewe, huanza na swali la msimu mbaya. Milioni 6, ambazo ni matumizi ya mwaka mzima, anaziweka katika vipande vya Mfuko wa Ukwasi au mfuko mwingine wa aina hiyo, ambapo fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi. Asifikirie faida kubwa hapo. Kazi ya fedha hiyo ni kuhakikisha hauzi kitu kingine chochote mwaka ambao wageni hawaji.

Milioni 8 anazinunulia hatifungani ya miaka mitano, iive mtoto anapoingia chuo. Milioni 16 anaziweka katika hatifungani ya miaka 20, iive yeye akitimiza 60. Zinazobaki, milioni 10, ambazo ni robo ya akiba yote, ananunua hisa Dar es Salaam, akijitahidi zisiwe za benki tupu. Njia haina siri. Kiwango cha chini cha kuingia mnada wa hatifungani ni shilingi milioni 1. Mtu hufunguliwa akaunti ya dhamana Benki Kuu kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa, hujaza fomu ya zabuni, na kuponi huingia benki kila miezi sita.

Sasa mpango unaanza kwenda kinyume na mteremko wa kalenda. Tukitumia kuponi ya asilimia 12.10, iliyotangazwa kwa hatifungani ya miaka 20 mwaka 2022, milioni 16 humletea shilingi 968,000 kila nusu mwaka. Badala ya kuzila, ananunulia hisa. Baada ya miaka kumi atakuwa ameongeza hisa za zaidi ya milioni 19 bila kugusa tipu, na kwa kuhesabu bei ya kununulia tu, zile milioni 8 za chuo zikiwa zimeshatumika, hisa zitakuwa zaidi ya nusu ya akiba yake. Alianza na robo akiwa na miaka 40, na amefika nusu akiwa na miaka 50. Kuanzia hapo anaelekeza kuponi kwenye hatifungani zitakazoiva baada ya yeye kutimiza 60.

Huo si ukaidi wa mtu wa kijijini. Wamarekani wenyewe hawajakubaliana juu ya mteremko. Mwaka 2012 Robert Arnott alionyesha kwamba mpango wa kupunguza hisa kwa umri haukuwa na faida ambayo watu hudhani unayo ukilinganishwa na kubaki na mchanganyiko usiobadilika, na hata na ule wa kuongeza hisa. Muda mfupi baadaye Wade Pfau na Michael Kitces walitetea hoja kwamba mstaafu anaweza kuanza na hisa chache kisha aziongeze, kwa sababu miaka ya hatari zaidi ni ile ya mwanzo wa kustaafu.

Mpango wa mwongoza watalii wetu nao una mahali pa kuvunjikia, na aseme wazi kabla mwingine hajamsemea. Hatifungani ndefu si akaunti ya akiba. Akilazimika kuuza kabla ya muda, hupata bei ya soko. Tuseme ana ya miaka 25 yenye kuponi ya asilimia 12.56, na soko limepanda likitaka 15. Mnunuzi atampa kama shilingi 84 kwa kila 100, na milioni 10 zitakuwa takriban milioni 8.4. Dalili ya mtu aliyepanga vibaya ni kumwona Januari akitafuta mnunuzi wa hatifungani ili alipe karo. Wengine hukwepa kwa kuiweka dhamana benki na kukopa, lakini riba ya mkopo huzidi kuponi, na tatizo huwa limeahirishwa tu.

Mfumuko wa bei ni adui wa polepole zaidi. Hata ukiwa asilimia 4 tu kwa mwaka, zile milioni 16 zitakaporudi baada ya miaka 20 zitanunua vitu vya kama milioni 7.3 za leo. Ndiyo maana kuponi hazipaswi kuliwa, na ndiyo maana hisa haziwezi kuachwa kabisa. Wapo Karatu wanaojivunia kuishi kwa kuponi wakiwa na miaka 45. Wanakula mtaji, tena kwa fahari.

Kisha kuna pensheni, ambayo mteremko wa duniani kote huisahau. Mpishi wa hoteli ambaye mwajiri wake anapeleka michango NSSF, na ambaye atafikisha miezi 180 inayotakiwa, ana hatifungani kubwa kuliko zote atakazonunua mnadani. Anaweza kubeba hisa nyingi kuliko mwongoza watalii wa umri uleule anayefanya kazi kwa safari bila mchango wowote. Watu wawili wa miaka 40 wanaopita lango moja kila asubuhi wanahitaji michanganyiko miwili tofauti. Mkulima wa Mang'ola, ambaye bei ya gunia la vitunguu inaweza kumwangusha ndani ya mwezi mmoja, anahitaji wa tatu, wenye akiba ya haraka kubwa kuliko wote.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili haihusu hesabu. Inahusu tabia. Watafiti wa Morningstar wamekuta mara kwa mara kwamba wenye mifuko ya mseto, ikiwamo ya mwaka lengwa, hujiharibia kidogo kuliko wanaorukaruka kati ya mifuko, kwa sababu hawaigusi. Hoja hiyo haikataliki. Mtu anayeuza hisa kila zikishuka, anayesahau kuponi katika akaunti ya matumizi hadi iishe, au ambaye mke au mume wake hajui karatasi ziko wapi, hafai kujijengea kitu. Kwa huyo, mfuko mmoja wa mseto kama Umoja unatosha, na aachane na minada.

Anayeweza ni yule mwenye daftari na kanuni alizoziandika kabla msisimko haujaanza. Huketi nalo mara moja kwa mwaka, mathalani Novemba, msimu mkubwa wa Juni hadi Oktoba ukishapita na fedha zikiwa mkononi. Haulizi hisa gani itapanda. Anatazama sehemu ipi imepungua chini ya kiwango alichoandika, na huijaza kwa kuponi na fedha ya msimu. Katika soko jembamba kuuza ni ghali na huchukua muda, hivyo marekebisho mengi yafanyike kwa kununua.

Kwa Mtanzania wa Marekani ambaye mwajiri amemtia tayari katika mfuko wa 2050, hakuna haja ya kuukimbia, hasa ndani ya akaunti ya pensheni. Nje ya akaunti hiyo awe macho. Mwishoni mwa 2020 Vanguard ilishusha kiwango cha kuingia katika mifuko yake ya taasisi kutoka dola milioni 100 hadi milioni 5. Wateja wakubwa wakahama, mifuko ya kawaida ikalazimika kuuza mali, na mwaka 2021 wenye akaunti za kawaida wakapokea kodi ya faida ambayo hawakuiomba. Na kama nia yake ni kurudi Rhotia kujenga akiwa na miaka 52, mwaka wake si 2050. Fedha za msingi na bati zinahitaji mpango wake, kwa shilingi.

Siku moja kampuni fulani italeta mfuko wa kwanza wa mwaka lengwa Tanzania, na mabango yatasema chagua mwaka usahau. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana isiupitishe kabla mteremko wake wote haujachapishwa kwa Kiswahili katika ukurasa wa kwanza wa waraka: hisa kiasi gani kila mwaka, za kampuni zipi, hatifungani za nani na za muda gani, na kama kushuka kunakoma siku ya kustaafu au kunaendelea. Na mteja wa Karatu, kabla ya kutia sahihi, auulize mfuko huo ungemlipa nini mwaka 2020.